Skrinshoti Kwanza, Kumwondoa Baadaye

Jamaa tuliyepatana kwenye apu ya kudeti alitaka niende kwake usiku huo huo. Nikakataa. Akaandika: "Dropauti wa Lurambi, unaringa na nini?"

Kuacha chuo si siri, lakini iliuma. Nikajibu mara moja tu: "Sipendi unavyoniongelesha. Tuishie hapo." Ingekuwa tusi pekee, ningemfuta nilale. Lakini akaongeza: "Najua steji unayoshukia." Hicho sasa ni kitisho.

Nikapiga skrinshoti za gumzo na profaili yake, nikaripoti, ndipo nikamwondoa. Ukianza kwa kumwondoa, mara nyingi gumzo hupotea na ushahidi wako. Akirudi na namba ingine, picha hizo nazipeleka polisi. Sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018 inakataza kumtia mtu hofu ya kuumizwa.