Hatua Tatu Machakos

Mke wangu alikwenda Machakos kumwona mjukuu wetu, aliyetimiza miezi 14 hali bado akitambaa, na mamake keshaanza kuingiwa na hofu. Jumatatu alinitumia picha na maneno haya:

“Nimeona kwa macho yangu. Alisimama dede, akaachia kiti, akaenda tata hatua tatu, miguu mitupu, mikono juu apate kujimudu; kisha akaketi kitako, akacheka. Sikumshika, nilimnyoshea mikono tu. Mamake alilia. Mashaallah.”

Kila mtoto ana wakati wake; asipotembea hata akifika miezi 18, ndipo apelekwe kwa daktari. Viatu havina haraka: vidole vitupu huishika sakafu vyema zaidi. Alhamdulillahi.