Nipe za Thao Mbili

Kwenye kibanda cha mboga pale mtaani kwetu Umoja, ni wachache wanaosema "nipe nyanya nne." Wengi wetu tunasema "nipe za hamsini," halafu tunangoja kuona mkono wa mama mboga utatoka na ngapi. Wiki ambayo nyanya zimejaa sokoni, za hamsini zinajaza kikaratasi. Wiki ambayo zimeadimika unapewa tatu, moja ikiwa imepondeka, na unaenda zako. Stima tunainunua hivyohivyo, tokeni za mia mbili. Pesa ndiyo inakaa palepale. Kinachopanda na kushuka ni idadi ya unachopata.

Hisa nazinunua kwa njia hiyo. Kila tarehe tano ya mwezi natenga shilingi 2,000 na kumwambia dalali, kupitia simu, aninunulie Safaricom za pesa hizo. Simwambii idadi. Bei ikiwa juu napata chache, bei ikiwa chini napata nyingi.

Mamangu haipendi hii tabia. Mwaka 2008, Safaricom ilipouza hisa zake kwa umma kwa Sh5 kila moja, alikuwa mmoja wa wale waliopiga foleni. Aliweka akiba yake yote siku moja, akapewa sehemu tu ya alizoomba kwa sababu waombaji walikuwa wengi kuliko hisa. Mwaka uliofuata bei ilishuka hadi chini ya Sh3. Tangu siku hizo, hisa kwake ni kitu kilichomla. Nikimwambia bei imeshuka na bado nimenunua, ananiuliza, "Mwanangu, kitu kinaoza na wewe unaongeza?"

Swali lake ni zuri, kwa hivyo nilikaa chini na kalamu. Nilichukua bei nne ambazo hisa hiyo ilipitia ikiteremka kati ya 2021 na 2023: Sh40, Sh25, Sh20 na Sh12.50. Tuache ada kando kwanza. Shilingi 2,000 kwa bei ya 40 zinanunua hisa 50. Kwa 25 zinanunua 80. Kwa 20, hisa 100. Kwa 12.50, hisa 160. Jumla nimetoa Sh8,000 na nina hisa 390. Gawanya: kila hisa imenigharimu kama Sh20.50.

Sasa muweke jamaa mwingine anayenunua kwa idadi, hisa 80 kila mara, kwa bei zilezile. Atatoa 3,200, kisha 2,000, kisha 1,600, kisha 1,000. Jumla Sh7,800 kwa hisa 320, yaani karibu Sh24.40 kwa kila moja. Mimi nimemzidi kwa mia mbili tu, lakini nina hisa 70 zaidi yake.

Hakuna uchawi hapo. Angalia pesa yake ilienda wapi: nyingi ilienda siku ambayo bei ilikuwa mbaya zaidi, na kidogo siku ya bei nzuri. Yangu iligawanywa sawa, kwa hivyo hisa zangu nyingi zimetoka siku za bei ya chini, na hizo ndizo zinazovuta wastani wangu kuteremka. Bei zikiwa zinabadilikabadilika, anayetoa kiasi kilekile lazima wastani wake uwe chini ya wastani wa bei zenyewe. Ni hesabu ya kugawanya tu, haihitaji kubahatisha kesho.

Tena, ukizipindua bei hizo nne zianze na 12.50 na kuishia 40, bado napata hisa 390. Mpangilio haubadilishi idadi. Kinachobadilika ni bei ya mwisho, na hapo ndipo Mama ana haki ya kuguna. Siku ambayo hisa ilikuwa 12.50, hisa 390 zilikuwa na thamani ya Sh4,875. Nimetoa elfu nane, nina chini ya elfu tano. Kununua nyingi kwa bei ya chini hakujaniokoa na hasara. Kumeshusha tu mahali ambapo hasara inaishia. Nahitaji bei irudi 20.50, wakati yule jamaa anangoja 24.40, na aliyemwaga elfu nane zote siku ya 40 anangoja 40 yenyewe. Mwaka 2025 bei ilivuka Sh25 tena. Kwa bei hiyo, 390 zina thamani ya Sh9,750, lakini za yule wa siku moja, hisa 200, zina Sh5,000.

Bei zingepanda tu tangu mwanzo, aliyeweka zote siku ya kwanza angetushinda sote. Kwa 12.50 elfu nane zinanunua hisa 640. Lakini mimi sina elfu nane za kuweka siku moja. Naishi kwa kuandika makala. Pesa inakuja vipandevipande, miezi mingine haiji. Ndiyo maana nilichagua thao mbili, kiasi ambacho hata mwezi mkavu zaidi naweza kukitoa. Ningechagua tano ningekuwa naruka miezi, na mara nyingi ningeruka ileile ambayo kila mtu amefilisika na bei iko chini.

Yote haya yanasimama juu ya jambo moja: kitu chenyewe lazima kiwe kitakuwepo. Aliyekuwa ananunua Mumias kila mwezi alipata hisa nyingi kila mwezi, nyingi zaidi kila bei iliposhuka, hadi 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu na hisa zake zikasimamishwa sokoni. Hapo swali la Mama ndilo jibu. Kwa hivyo kabla ya kufurahia bei ya chini, nauliza kama kampuni bado inapata faida na kulipa madeni yake. Asiyetaka kazi hiyo ananunua mfuko wa pamoja wenye hisa za kampuni nyingi, ili moja ikianguka zisianguke zote.

Ada nazo zina meno. Dalali akikata asilimia 2, thao mbili zinapoteza shilingi 40, si mbaya. Lakini tuseme ana kiwango cha chini cha Sh100 kwa kila ununuzi: hiyo ni asilimia 5 kabla hujaanza. Hapo ni heri ukusanye miezi mitatu, ununue mara moja. Zamani tungelazimika hata hivyo, maana soko kuu lilitaka hisa 100 kwenda juu. Kwa bei ya 40 hiyo ni elfu nne. Tangu 2025 unaweza kununua hata moja.

Juzi Mama ameniuliza kama hizo hisa zitalipa karo, kwa sababu niliacha kampasi mwaka wa pili na yeye bado anahesabu mihula. Nikamwambia hapana. Karo ina tarehe, na hisa hazijui tarehe. Huenda Septemba ikanikuta siku ya 12.50. Pesa ya karo iko kwenye mfuko wa soko la fedha, ambako bei ya kipande haipandi wala kushuka, inaongezwa riba tu. Huko kununua kila mwezi hakukupi vipande vya bei rahisi, na sivitaki. Nataka nikiitisha, ikuje yote.

"Na hiyo ingine?" akauliza.

Hiyo ingine sina haraka nayo.