Nyundo Iliyotukosa Adhuhuri

Siku nyundo ilipoanguka hakuna aliyeumia, na hilo ndilo lililotutia katika mtihani wa kuandika ripoti. Tulikuwa mafundi saba, tukijenga nyumba ya ghorofa moja huko Kibosho. Adhuhuri ilipoingia, mwenzetu aliye juu ya jukwaa aliiweka nyundo ya kilo moja ubaoni ili ashuke, na mguu wake ukaisukuma. Iligonga nguzo ya jukwaa, ikaruka kando, ikatua hatua mbili tu kutoka kwa kijana wetu, saidia fundi, aliyekuwa akienda kutawadha.

Msimamizi alitukabidhi karatasi. "Andikeni kuwa utepe ulikuwapo na kijana alikuwa na kofia ngumu," alisema. "Si amesalimika?"

Maneno hayo yalikuwa nusu ya kweli. Utepe ulikuwapo, lakini tangu asubuhi tuliukunja wenyewe upande mmoja ili tufike kwenye bomba la maji bila kuzunguka jengo. Kofia ngumu nayo ilikuwapo, mkononi. Kichwani alikuwa na kofia ya kuswalia. Basi tuliandika hivyo hivyo: eneo la hatari lilikuwa wazi wakati wa tukio, na kofia ngumu haikuvaliwa. Viatu vya usalama alivivaa. Baada ya tukio tuliufunga utepe, nalo tuliliandika kwa mstari wake, lisije likachanganywa na hali ya mwanzo.

Kisha tukapima. Msimamizi alitaka tuandike mita sita, kwa kuwa ndio urefu wa jukwaa upande wa mlimani. Lakini Kibosho ni mteremko, na upande wa bondeni, ilikotua nyundo, kamba yetu ilisoma mita nane. Kutoka hapo kitu hufika chini kwa muda wa sekunde moja na robo hivi, kikienda mwendo wa kilomita 45 kwa saa. Anayepigiwa kelele "angalia!" hupata muda wa kuinua uso tu, na uso ndio usiokingwa na kofia.

Jambo lililotushtua zaidi ni mahali pa kutua. Utepe tuliufunga mita mbili kutoka jukwaani, ilhali nyundo ilitua mita tatu na nusu. Hata kama tusingeukunja, kijana angekuwa nje yake na bado hatarini, kwa sababu tulipima njia ya kitu kinachoshuka wima, tukasahau kinachogonga na kuruka.

Msimamizi alisoma, akanuna, akatia sahihi. Jioni tulipigilia ubao wa kusimama pembezoni mwa jukwaa, tukafunga kamba kwenye mpini wa kila nyundo, na utepe tukausogeza hadi mita tano. Bomba la maji lilihamishwa siku ya pili, upande wa mlimani, mbali na jukwaa. Kijana alilalamika kidogo kuwa maji ya huko ni baridi mno.