Sifuri Tuliyoiandika Wenyewe

Kundi letu la kujisomea lilipoteza jioni nzima kwa sababu ya sifuri moja. Tunaieleza hapa ili atakayepita njia hiyo asirudie kosa letu.

Tulipewa kazi ya kutatua milinganyo inayotokana na joto linalosafiri kwenye fimbo. Kila nukta ya fimbo inajuana na jirani zake wawili tu, kwa hiyo matriki yake ina namba kwenye ulalo mkuu, ulalo ulio juu yake na ulio chini yake. Pengine pote ni sifuri. Kabla ya kushika matriki kubwa, tulijaribu ndogo hii:

```
3   4   0
4  12   3
0   3   6
```

Upande wa kulia tuliweka 7, 19 na 9, ili jibu sahihi liwe 1, 1, 1.

Njia tuliyotakiwa kutumia inaitwa mizungusho ya Givens, kwa jina la Mmarekani Wallace Givens aliyeitumia miaka ya 1950. Unachukua mistari miwili inayofuatana na kuizungusha pamoja, mpaka namba moja ya chini ya ulalo iwe sifuri. Hapa tunataka kuifuta 4 iliyo chini ya 3. Kwa kanuni ya Pithagorasi, 3 na 4 zinatoa 5, hivyo c = 3/5 na s = 4/5. Mstari wa kwanza mpya ni c mara wa kwanza kujumlisha s mara wa pili. Wa pili mpya ni c mara wa pili kutoa s mara wa kwanza.

Ukipiga hesabu, mstari wa kwanza unakuwa 5, 12, 2.4 na wa pili 0, 4, 1.8. Angalia ile 2.4: imeota mahali palipokuwa na sifuri. Hilo si kosa. Kila mzungusho huotesha namba moja ulalo mmoja juu zaidi, kwa hiyo lazima uitengee nafasi kwenye kumbukumbu. Lakini haiendi mbali zaidi ya hapo. Mzungusho wa pili unafuta 3 ya chini kwa c = 4/5 na s = 3/5, na tunabaki na pembetatu:

```
5  12  2.4
0   5  5.04
0   0  3.72
```

Hayo ni ya karatasini. Programu yetu ilitoa pembetatu safi vilevile, ila jibu la tatu lilikuwa karibu 1.76 badala ya 1. Tulibishana, tukakagua upande wa kulia, tukalaumu makadirio ya desimali. Dada mmoja wa mwaka wa juu akapita, akatuuliza, "Jamani, safu zenu mmezipima urefu?"

Kuzungusha hakubadilishi urefu. Safu ya pili ya matriki yetu ni 4, 12, 3, na urefu wake ni 13. Kwenye pembetatu sahihi ni 12, 5, 0, bado 13. Tulipopima ya programu baada ya mzungusho wa kwanza tukakuta 12, -2.4, 3, yaani 12.6. Basi kosa lilikuwa mle mle.

Tulikuwa tumeuandika mstari wa kwanza mpya juu ya ule wa zamani, kisha tukautumia huo mpya kutengeneza wa pili. Namba iliyopaswa kufutika ilitoka -1.6. Hatukuiona, kwa sababu tulikuwa tumeiamuru programu iandike 0 mahali hapo bila kuhesabu. Sifuri yetu ndiyo iliyoficha kosa. Dawa yake ni mistari mitatu:

```
t = c*A[0] + s*A[1]
A[1] = c*A[1] - s*A[0]
A[0] = t
```

Siku hizi tunaiacha programu ihesabu sifuri yake yenyewe wakati wa majaribio. Ikitoka namba ndogo mno tunaridhika, ikitoka -1.6 tunasimama.

Tulipohamia kwenye fimbo yenye nukta 1,000, mizungusho ilikuwa 999 tu, na kila mmoja uligusa namba chache. Tulihifadhi jozi za c na s peke yake, tukazitumia kwenye upande wa kulia. Ukizizidisha zote upate matriki moja ya mizungusho, pembe yake yote ya juu inaweza kujaa namba, na faida ya zile sifuri inapotea.

Njia ya kawaida ya kuondoa namba kwa kutoa mstari mmoja kutoka mwingine ina hesabu chache zaidi, na kwa matriki ya joto mara nyingi inatosha. Lakini ile haikuachii kipimo kama cha 13 na 12.6.