Mkufu mmoja, ndimi tatu

Baraza yetu ya kushona ina desturi ya kutunga hadithi mikono ikiwa kazini. Safari hii tulitunga ya mkufu wa mahari uliopotea usiku wa singo, tukawapa wasimulizi watatu: wifi, somo na mama wa bi harusi.

Kwanza tulikubaliana mambo ambayo wote watatu watayasema sawasawa. Mkufu uliletwa alasiri, ukatiwa kashani, umeme ukakatika baada ya Isha, asubuhi kasha likakutwa tupu. Bila misumari hiyo msomaji hajui kama wasimulizi wanatofautiana au mtunzi kachanganyikiwa. Pia kila mmoja tulimpa sababu ya kusema asemavyo. Wifi hakuipenda ndoa hii tangu posa. Somo anailinda heshima yake, maana chumba kilikuwa mikononi mwake.

Wifi anasema alimwona mama akitoka gizani, kitu kakifunika kwa kanga. Msomaji anamsikia, lakini chuki yake inamtilia shaka. Somo anakana, anaapa hakuondoka ubavuni mwa mwari, na kwa kujisifu anataja kuwa chetezo kilifuka udi miguuni pake hadi alfajiri. Mama naye anasema aliingia kuchukua chetezo tu.

Hapo ndipo ukweli ulipo. Hakuna anayemwita mama mwongo. Msomaji mwenyewe anaziweka kauli mbili pamoja.

Tulibishana sana nani amalizie. Somo akiwa wa mwisho, anakuwa shahidi wa kumfunga mama, na hadithi inaishia kwenye hukumu. Mama akiwa wa mwisho, msomaji anamsikiliza huku tayari anajua. Kisha mama anapitisha neno dogo: siku ile mwenye duka la mchele alimsalimia kwa bashasha, baada ya miezi ya kumnunia. Tukamwacha mama amalizie.

Mjapani Akutagawa, katika hadithi yake ya mwaka 1922, "Yabu no Naka", alichagua njia nyingine. Watu watatu, marehemu mwenyewe akiwa mmojawapo, kila mmoja anasema yeye ndiye aliyeua, na msomaji haambiwi nani mkweli. Pale fumbo lenyewe ndilo hadithi. Kwetu lisingefaa, kwa sababu mahari ni haki ya bi harusi, na kuficha aliyeichukua kungemdhulumu mara ya pili.

Basi tukaamua: msomaji ajue nani na kwa nini, bi harusi asijue. Tulipomsomea jirani, tulimuuliza maswali mawili tu: nini kilitokea, na nani umemhurumia? La kwanza alijibu upesi. La pili alinyamaza, kisha akasema, "Wote wawili, mama na mwana."