Riba Inalala Wapi?

Huku kwetu Karagwe na Kyerwa fedha huja kwa msimu. Kahawa inachumwa, inaanikwa, inapelekwa chama cha msingi, na malipo yakitoka ndipo watu wanaezeka nyumba, wanalipa ada, wanamaliza mambo ya mahari. Asiyeweza kusubiri huiuza ingali ua mtini, kwa bei ya kutupa. Ndiyo butura, na imefilisi familia nyingi. Nimekulia katika hali hiyo, na labda ndiyo sababu uamuzi wa dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Nkwenda, umenifundisha kuliko hotuba zote za akiba nilizowahi kusikia.

Msimu ule kahawa ilikuwa na bei nzuri. Baada ya madeni na mahitaji ya nyumbani alibakiwa na shilingi 2,000,000, na kitindamimba wake alikuwa ndiyo kwanza anaanza darasa la kwanza. Alitaka fedha hiyo imsubiri mtoto mpaka atakapomaliza kidato cha nne, kiasi cha miaka 10. Akapanda gari hadi Kayanga, benki, akaelezwa mipango miwili ya amana ya muda maalumu. Wa kwanza ulitoa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na riba hiyo kila mwaka inaongezwa kwenye mtaji. Wa pili ulitoa asilimia 10, ila riba inahamishiwa kwenye akaunti yake ya kawaida kila mwisho wa mwaka, mtaji ukibaki vilevile.

Shemeji alikuwa na jibu kabla hajamaliza kusimulia. Kumi ni zaidi ya nane, kuna nini cha kufikiri? Dada hakubishana naye. Alichukua daftari la mazoezi na kuandika namba moja juu ya ukurasa: 72.

Kanuni ni fupi. Gawa 72 kwa kiwango cha riba cha mwaka, utapata idadi ya miaka ambayo fedha itachukua kuongezeka mara mbili. Ni ya zamani sana. Imo katika kitabu cha hesabu cha Luca Pacioli kilichochapwa Venisi mwaka 1494. Kwa riba ndogo sana hesabu kamili inatoa namba iliyo karibu na 69, lakini 72 inapendwa kwa sababu inagawanyika kirahisi kwa 2, 3, 4, 6, 8, 9 na 12, na kwa riba za karibu na asilimia 8 jibu lake ni sahihi kabisa au karibu sana. Riba ikiwa kubwa mno inaanza kupotoka. Kwa asilimia 36 itakwambia miaka 2, kumbe baada ya miaka 2 shilingi 100 imefika 185 tu.

Kabla ya kugawa, dada alifanya jambo ambalo wengi tunalisahau: aliondoa kodi. Riba ya benki hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, kwa hiyo ile 8 inabaki 7.2, na ile 10 inabaki 9. Kisha akagawa 72 kwa 7.2. Miaka 10. Milioni mbili zitakuwa nne mtoto akimaliza kidato cha nne.

Mpango wa pili hakuugawa kwa namna ile, na hapo ndipo nilipomheshimu kama mwalimu wa hisabati. Angeandika 72 gawanya kwa 9, angepata miaka 8 na kumpa shemeji ushindi. Lakini kanuni ya 72 inahesabu riba inayozaa riba. Riba inayotolewa nje kila mwaka haizai kitu. Ni 180,000 mwaka wa kwanza, 180,000 mwaka wa tano, 180,000 mwaka wa kumi. Ili zifike milioni mbili zaidi inabidi kusubiri miaka 11 na ushee. Kwa miaka 10 zinakuwa 1,800,000, jumla 3,800,000, na hiyo ni kama hakuna hata senti iliyoguswa.

Alimpigia afisa wa benki kumuuliza kama ile 180,000 inaweza kurudishwa kwenye amana kwa kiwango kilekile.

"Hapana, mwalimu. Kiwango cha chini cha kufungua amana ni laki tano."

"Basi itakaa kwenye simu yangu, baba. Na kwenye simu haikai."

Sentensi hiyo naijua maana yake. Laki na themanini inapoingia, kuna msiba wa jirani, kuna mchango wa harusi, kuna bati lililong'oka. Hakuna linaloitwa upuuzi hapo. Ni mambo ya watu. Ila fedha iliyopitia mkononi imeshapata wenyewe kabla hujaketi.

Hata hivyo sitaki kuusema vibaya mpango wa pili. Dada mwenyewe alichora jedwali la mwaka hadi mwaka, na kwa miaka 7 ya mwanzo mpango wa asilimia 10 unaongoza. Mwaka wa tano una 2,900,000 wakati wa kwanza una kama 2,830,000. Mwaka wa saba wanakaribia kulingana, na wa nane ule wa asilimia 8 unapita. Mama anayetaka fedha ya ada kila Januari, au mzee anayetaka kitu cha matumizi, angekosea kuufuata mfano wa dada. Yeye alikuwa na miaka 10, na hakuwa na haja ya riba njiani. Kila mtu aanze na miaka yake, ndipo atazame asilimia.

Jambo la mwisho kwenye ukurasa ule lilihusu bei za vitu. Bei zikipanda kwa asilimia 4 kwa mwaka, 72 gawanya kwa 4 ni 18. Baada ya miaka 18 kitu cha shilingi 1,000 kinauzwa 2,000. Kwa hiyo milioni nne za baadaye si milioni nne za leo. Akatoa 4 kwenye 7.2 akabaki na 3.2, na kwa kasi hiyo uwezo halisi wa kununua unahitaji zaidi ya miaka 22 kuongezeka mara mbili. Alilisoma hilo kimya, kisha akaamua kuongeza kidogo kila msimu wa kahawa.

Alijaza fomu ya mpango wa kwanza, akahakikisha sehemu ya maelekezo imeandikwa kwamba riba iongezwe kwenye mtaji. Kiwango kinaweza kubadilishwa kila amana inapoiva, kwa hiyo daftarini ameandika tarehe ya kwenda kuuliza. Kikishuka hadi 6, baada ya kodi ni 5.4, na miaka 10 inageuka 13 na zaidi.

Habari zilienea shuleni. Mwalimu mwenzake alimletea karatasi ya mkopo, ile wanayoiita kausha damu, riba asilimia 10, kadi ya benki inaachwa kama dhamana. Dada akaandika nyuma ya karatasi 72 gawanya kwa 10.

"Miaka saba na kitu," mwenzake akasema, akaona nafuu.

"Soma tena, mwalimu. Hiyo asilimia 10 ni ya mwezi. Usipolipa, deni linakuwa mara mbili kwa miezi saba na kitu."

Kesho yake wakaenda pamoja kuuliza masharti ya SACCOS ya walimu.