Mahari Si Malipo ya Deni la Baba



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), naandika makala haya kwa niaba ya klabu ya haki za wasichana ya kijijini kwetu, huku Kwale, inayokutana kila Jumamosi baada ya darasa la madrasa. Mimi ni mlezi wao, na ni mimi pia ninayeitwa watu wanapotaka kufungishwa nikahi. Mabinti wameniomba niwaeleze wazazi, kwa adabu na bila kuficha, kwa nini sifungishi nikahi ya mtoto anayesoma. Nitaeleza kwa kisa kimoja, kwa kuwa ndani yake yamo mengi ya yale tunayoyaona pwani. Majina nayahifadhi.

Kilikuwa kipindi cha kusi, bahari imechafuka, na wavuvi wengi hawatoki. Mvuvi mmoja alinijia baada ya sala ya Isha akaniomba nimfungie nikahi bintiye siku ya Ijumaa. Binti alikuwa na umri wa miaka 15, yuko gredi ya 9. Mchumba ni mfanyabiashara wa samaki, mtu mzima mwenye mke na watoto. Nilipouliza mahari ni kiasi gani, baba alijibu kwamba ni shilingi 60,000, na tayari zimekwisha lipwa.

"Zimelipwa kwa nani?" nikamuuliza.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sheikh, yule bwana ananidai. Alinikopesha mashine ya boti. Tumekubaliana deni life."

Hapo ndipo penye fundo la mambo. Katika Suratun Nisaa, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ameamrisha wanawake wapewe mahari yao, na kwamba wengine wasile chochote humo ila kile ambacho wenyewe wamekitoa kwa kuridhika. Mahari ni mali ya bibi harusi. Baba akiyatumia kulipa deni lake, amelipa kwa mali isiyokuwa yake, na mtoto ameingia katika nyumba ya watu mikono mitupu. Tena mume wa namna hiyo humwona mke kama kitu alichokipata badala ya fedha zake. Siku wakigombana, deni litafufuka.

Baba alinikumbusha kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii yeye ni walii mwenye kauli juu ya bintiye mwanamwali. Alisema kweli, na sitaki kuificha kweli hiyo. Tumeisoma katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kwamba baba anaweza kumwoza mwanamwali bila ya idhini yake, na kwamba kumtaka idhini ni sunna. Lakini waliosoma sherehe za kitabu hicho wanajua kuwa wanazuoni hawakuiacha kauli hiyo huru. Waliiwekea masharti: pasiwe na uadui wa wazi baina ya baba na binti, mume awe kufu yake, na awe na uwezo wa kutoa mahari. Wapo walioongeza kwamba asiozwe kwa mtu ambaye kuishi naye kutamdhuru, kama mzee mkongwe. Makusudio ya masharti yote hayo ni maslahi ya binti. Mamlaka ya baba ni amana aliyopewa kwa ajili ya mtoto, na amana haiwekwi rehani.

Kuhusu umri, aya ya 6 ya sura hiyo hiyo inataja kufikia wakati wa kuoa pamoja na kuonekana uwekevu, yaani busara ya kutunza mali. Kubaleghe ni jambo la mwili, na uwekevu ni jambo la akili. Tangu zamani Ibn Shubruma, kadhi wa Kufa, alikuwa na rai kwamba mtoto asiozwe mpaka abaleghe na aridhie. Katika zama zetu, Oman, nchi ya Kiislamu yenye udugu wa karne nyingi na pwani yetu, imeweka miaka 18 katika sheria yake ya familia ya mwaka 1997. Morocco ilifanya hivyo mwaka 2004. Kuoza mtoto si faradhi, wala anayesubiri hapati dhambi. Mtawala akilizuia jambo la mubaha kwa sababu ya madhara yake, kumtii hakumtoi mtu katika dini.

Hapa Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeweka miaka 18. Wapo wanaosema kuwa sheria hiyo ina kifungu kinachowapa Waislamu nafasi ya kufuata dini yao. Kifungu hicho kipo, lakini Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inakataza ndoa ya mtoto, nayo haikumbagua mtoto wa Kiislamu. Na chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, anayemwingilia mtoto wa miaka 15 hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 20. Baba anayedhani amemsitiri bintiye huenda akawa amemtia mkwewe jela na mjukuu wake katika uyatima.

Mwili nao una hesabu yake. Nyonga za msichana mdogo huwa bado hazijakomaa. Mtoto akikwama njiani wakati wa uzazi na msaada ukachelewa, mama huweza kupata nasuri, akawa anavujwa na mkojo bila kujizuia. Mwanamke wa hali hiyo hutaabika hata katika tohara yake ya sala. Wakunga wetu wanayajua haya kuliko mimi.

Nilimwomba baba ruhusa, mke wangu akakaa na binti faraghani. Alipomwuliza kama anataka kuolewa, binti alijibu, "Babangu akishasema, mimi nitasema nini?" Huko si kuridhia. Kunyamaza kwa mwanamwali huhesabiwa kuwa idhini pale anapoulizwa naye anaweza kukataa. Asiyejua kuwa anaweza kukataa hajaulizwa.

Tuliketi na mfanyabiashara pamoja na wazee wawili. Tulikubaliana kwamba deni lilipwe shilingi 1,000 kila wiki wakati wa kaskazi, bahari inapotulia, na lisidaiwe wakati wa kusi. Kwa wiki kama 20 za msimu mmoja, deni litakwisha kwa misimu mitatu. Si rahisi kwa mvuvi, lakini ni deni lake, naye ndiye anayelilipa. Binti yuko shuleni.

Haiwi hivyo kila mara. Mzazi akikataliwa hapa, huenda akatafuta mtu mwingine mji mwingine. Kwa hiyo, mama zangu na dada zangu, tazameni dalili: msichana ameacha shule ghafla, amechukuliwa na shangazi bila sababu inayoeleweka, anapelekwa kwa somo kabla ya likizo ya Agosti au Desemba, au posa imepokewa usiku. Kwanza mwendeeni baba kwa heshima, pamoja na mtu anayemsikiliza, na mwulizeni shida yake ni nini. Mara nyingi mtakuta ni deni, karo au khofu ya aibu, na kila moja ina dawa yake. Ikiwa nikahi imekaribia naye hasikii, mwambieni chifu au afisa wa watoto, au pigeni simu nambari 116, isiyotozwa malipo. Huko si kumvunjia mtu nyumba yake.

Nanyi mashekhe wenzangu, kabla hamjaushika mkono wa walii, ombeni cheti cha kuzaliwa, ulizeni mahari yako mikononi mwa nani, na mtumeni mwanamke mwaminifu akamsikilize binti peke yake. Jibu moja likikosekana, nikahi na ingoje.

Wabillahi tawfiq.